Somo la kwanza la mashini ya kuchapa vitu: kibao cha ufunguo kwa dakika 100



Katika makala hii tunaeleza namna ya kuendesha somo la kwanza la sekondari mbele ya mashini ya kuchapa vitu, ile inayoitwa printa ya 3D. Mashini hii haichapi maneno juu ya karatasi. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama.

Shida ya somo hili inajulikana mapema: mashini ni moja, inakwenda polepole, na wanafunzi ni wengi. Tukiwaita wote 48 waizunguke, wa mbele wataona, wa nyuma watasukumana, na mkono wa mmoja utagusa chuma chenye joto la digrii 200. Kwa hiyo tumepanga somo ili wanafunzi wafanye kazi kubwa kwa rula, kalamu na hesabu. Mashini inakuja mwishoni, kujibu swali moja: je, kile tulichokipima na kukihesabu ndicho kilichotoka?

Kitu tunachochapa ni kibao cha ufunguo, chenye tundu la kupitisha pete na namba ya chumba. Prefe wa shule anazo funguo za madarasa, za ofisi na za stoo, na nyingi zinafanana. Kibao kinachoandikwa S4 kitatundikwa kweli kwenye ufunguo wa sale 4.

Kabla wanafunzi hawajaingia

Somo linachukua saa mbili za masomo zilizounganishwa, yaani dakika 100. Mwalimu aweke mashini juu ya meza ngumu isiyotikisika, karibu na dirisha lakini si mahali upepo unapopiga moja kwa moja, sababu upepo unapoza plastiki upande mmoja na pembe za kitu zinajikunja. Pasiwe karatasi, pazia wala kitambaa karibu yake. Chini, umbali wa mita 1 kutoka kwenye meza, achore mstari wa chaki.

Kisha apime nafasi kati ya mdomo wa mashini na bamba ambalo kitu kinajengwa juu yake. Njia rahisi ni karatasi ya kawaida ya kuandikia. Aipitishe chini ya mdomo kwenye pembe nne na katikati. Karatasi inapaswa kupita huku ikikwaruzwa kidogo. Ikipita bure, mdomo uko mbali mno, na uzi utatoka wa mviringo bila kushika. Isipopita, mdomo uko karibu mno: plastiki itakosa njia ya kutoka, na mashini itatoa mlio wa tak-tak kwa sababu gurudumu linasukuma uzi usiosogea. Mashini nyingine zinajipima zenyewe, lakini hata hizo zinahitaji mwalimu atazame tabaka la kwanza kwa macho yake.

Mwishoni achape kibao kimoja cha mfano siku iliyotangulia. Kibao hicho kitasaidia pia ikiwa umeme utakatika katikati ya somo.

Dakika 0 hadi 10: mashini ikiwa baridi

Tunaanza mashini ikiwa imezimwa na waya wake umetolewa ukutani. Wanafunzi wanakuja kwa makundi mawili na mwalimu anaonyesha sehemu nne tu. Ya kwanza ni uzi wa plastiki, wenye unene wa mm 1,75. Ya pili ni gurudumu linalousukuma. Ya tatu ni mdomo wenye tundu la mm 0,4, mahali plastiki inapoyeyuka. Ya nne ni bamba la chini. Tukiishia hapo inatosha kwa siku ya kwanza.

Uzi tunaoutumia unaitwa PLA, plastiki inayotengenezwa kutokana na sukari ya mimea kama mahindi na miwa. Tumeuchagua kwa sababu unayeyuka kwa joto la chini kuliko nyuzi nyingine, karibu digrii 200, na harufu yake ni kidogo. Uzi mwingine unaoitwa ABS unahitaji digrii 230 au zaidi na unatoa moshi mbaya kwa mapafu. Huo usiingie darasani.

Dakika 10 hadi 25: sheria tano

Sheria zinaandikwa ubaoni na wanafunzi wanaziandika daftarini, kila moja pamoja na sababu yake. Kijana akijua sababu atashika sheria hata mwalimu akigeuka.

1. Hakuna anayevuka mstari wa chaki bila kuitwa. Mdomo una joto la digrii 200 na bamba lina joto la digrii 60, na kwa macho vyote viwili vinaonekana sawasawa na vilivyo baridi. Kioo cha mashini ndicho kinachosema joto. Hatugusi bamba mpaka kisome chini ya 40, wala hatugusi mdomo kamwe.

2. Nywele ndefu zinafungwa nyuma. Kitambaa cha shingoni, mkufu na kamba ya kadi vinavuliwa, na mikono mirefu ya nguo inakunjwa. Mikanda na vyuma vya mashini vinakwenda na kurudi bila kujua kilicho mbele yao. Mashini haitasimama kwa ajili ya kidole.

3. Dirisha linakuwa wazi muda wote. PLA inatoa harufu kidogo, lakini plastiki yoyote inayoyeyuka inatoa vumbi dogo lisiloonekana, na chumba chenye watu 48 kinahitaji hewa kwa vyovyote.

4. Mashini haiachwi peke yake ikiwa inafanya kazi. Mwalimu akitoka, anaizima. Mwanafunzi mmoja anachaguliwa kuwa mlinzi wa umeme: anakaa karibu na swichi ya ukuta na anajua kuizima mara mwalimu anaposema. Ndoo ya mchanga mkavu inakaa karibu. Hatumwagi maji juu ya kitu kilicho katika umeme. Mashini inachomekwa peke yake, si pamoja na simu kumi kwenye mkono mmoja wa umeme.

5. Kitu kinatolewa na mwalimu peke yake. Kikishapoa mara nyingi kinajiachia chenyewe. Kikishikilia, mwalimu anatumia kisu bapa akisukuma kuelekea mbele, mkono wa pili ukiwa nyuma ya kisu. Ni rahisi kujeruhiwa hapa, wakati watu wanapoharaka.

Tunamaliza kwa swali: mwenzetu akiungua tufanye nini? Darasa litajibu dawa ya meno, mafuta, labda yai. Hapo mwalimu asahihishe bila kucheka mtu. Dawa ya meno na mafuta vinafunika joto ndani ya ngozi na kuchafua kidonda. Tunatia sehemu iliyoungua katika maji safi ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20. Pahali pasipo na bomba, tunamimina kidogo kidogo kutoka katika bidoni, na ndiyo maana bidoni iliyojaa inawekwa darasani kabla ya somo. Plastiki ikiganda juu ya ngozi, haibanduliwi: inapozwa kwa maji na mtoto anapelekwa kituo cha afya.

Dakika 25 hadi 50: kupima, kuchora, kuhesabu

Wanafunzi wanagawanyika katika makundi 8 ya watu 6. Kila kundi linapata ufunguo na pete yake, linapima kwa rula, na kuchora kibao kwa ukubwa wake halisi. Mwalimu anawaachia waulize: tundu liwe kubwa kiasi gani ili pete ipite? Likiwa karibu mno na ukingo, ukuta wa plastiki utabaki mwembamba na kukatika. Baada ya maongezi darasa linakubaliana vipimo vya pamoja: urefu mm 50, upana mm 20, unene mm 3, na tundu la mm 5 ambalo kitovu chake kiko mm 7 kutoka ukingo wa kushoto.

Sasa hesabu. Kibao bila tundu ni 50 × 20 × 3, yaani mm³ 3000. Tundu ni 3,14 × 2,5 × 2,5 × 3, karibu mm³ 59. Inabaki mm³ 2941, yaani karibu sm³ 2,94. Sentimita moja ya PLA ya ujazo ina uzito wa gramu 1,24, basi kibao kina gramu 3,65. Roli la uzi ni kilo 1. Kwa hiyo roli moja lingetoa vibao karibu 270, pasipo kuhesabu vitakavyoharibika. Hapo wanafunzi wanaona wenyewe kwamba plastiki haitakuwa shida ya kwanza ya shule.

Shida ya kwanza ni wakati. Mashini inaweka mstari wa upana wa mm 0,4 na unene wa mm 0,2, ikitembea mm 50 kwa sekunde. Tukizidisha, 0,4 × 0,2 × 50, tunapata mm³ 4 kwa sekunde. Gawanya 2941 kwa 4: sekunde 735, karibu dakika 12. Kila kundi liandike jibu hili. Tutalirudia.

Dakika 50 hadi 60: kumwambia kompyuta

Mwalimu anawasha mashini ili ianze kupata joto, na mwanafunzi mmoja anaandika vipimo katika programu ya bure inayoitwa OpenSCAD. Tunaipenda kwa somo hili kwa sababu kitu kinaandikwa kwa namba zilezile za daftarini:

```
difference() {
  cube([50, 20, 3]);
  translate([7, 10, -1])
    cylinder(h = 5, d = 5, $fn = 48);
}
translate([16, 5, 3])
  linear_extrude(1)
    text("S4", size = 10);
```

Mwalimu asome mstari kwa mstari. `cube` ni kibao. `cylinder` ni tundu, na `difference` inaliondoa kutoka katika kibao. Namba -1 inawashangaza wanafunzi: tundu linaanza mm 1 chini ya kibao na kumalizika mm 1 juu yake, ili litoboe kabisa pande zote mbili bila kuacha ngozi nyembamba. Mistari mitatu ya mwisho inaweka namba ya chumba juu ya kibao, kwa unene wa mm 1.

Tunabonyeza `F6` kukijenga, kisha `F7` kukihifadhi katika faili la `STL`. Faili hilo linafunguliwa katika programu ya pili, kwa mfano Cura, inayokata kitu kuwa matabaka. Tunaweka `Layer Height` kuwa `0.2`, `Infill Density` kuwa `100` na `Print Speed` kuwa `50`. Programu hizi zinaandika nukta pahali pa koma. Darasa lihesabu matabaka: kibao 15, namba 5, jumla 20. Cura pia inaonyesha muda inaoutazamia. Tuufunike kwa karatasi mpaka mwisho.

Dakika 60 hadi 85: mashini inafanya kazi

Kabla ya kundi la kwanza kuitwa, mwalimu anatazama tabaka la kwanza peke yake. Mistari inapaswa kuwa bapa kidogo na kushikana. Ikiwa inainuka au kuzungukazunguka na mdomo, azime, apoze, asafishe, aanze tena. Tabaka la kwanza likiwa baya, yote 19 yanayofuata hayatalitengeneza.

Kisha makundi yanakuja moja moja, dakika 3 kila kundi, wakisimama nyuma ya mstari wa chaki. Makundi 8 kwa dakika 3 ni dakika 24, karibu muda wote wa kuchapa. Kila kundi linaandika saa, joto la mdomo, joto la bamba, na jambo moja waliloliona au kulisikia. Mlio wa kupasuka mdogo kama mafuta yenye maji una maana uzi umenyonya unyevu wa hewa. Katika miji yetu ya mvua nyingi hilo hutokea upesi, kwa hiyo roli linahifadhiwa katika ndoo yenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya.

Makundi yanayosubiri hayakai bure. Yanachora kibao chao wenyewe kwa chumba kingine, na kuandika mistari ya OpenSCAD kwa kalamu, wakibadilisha namba ya chumba.

Umeme ukikatika

Mlinzi wa umeme azime swichi ya ukuta mara moja, sababu umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza mashini. Feni inayopoza imesimama lakini mdomo bado ni wa moto, basi mstari wa chaki unabaki na sheria zote zinabaki. Mashini kadhaa zinakumbuka zilipofika na kuendelea. Lakini bamba likipoa kitu hubanduka, na mashini itaendelea kuchapa hewani. Ikiwa zimepita dakika chache tu na kibao bado kimeshika, jaribu. La sivyo, kitupwe, na darasa lipime kibao cha mfano.

Kwa shule yenye betri na sola, hesabu ni hii: wakati wa kupasha joto mashini ndogo inaweza kuvuta wati 350, basi kigeuza umeme kiweze kubeba kiasi hicho. Baada ya hapo inavuta kidogo zaidi, mara nyingi karibu wati 100. Kwa dakika 25 hiyo ni kama wati-saa 40. Betri nzuri haitahangaika. Kigeuza umeme kidogo ndicho kitakachozimika, na kitazimika katika dakika tano za kwanza.

Dakika 85 hadi 100: kupoa, kupima, kujibu

Wakati bamba linashuka kutoka digrii 60 hadi 40, darasa linarudi kwenye jibu la dakika 12. Saa ya ukutani imeonyesha zaidi, karibu mara mbili. Kwa nini? Waulize kabla ya kueleza. Hesabu yetu haikuwa na namba ya chumba. Tena mashini inaweka tabaka la kwanza polepole kwa makusudi, inapunguza mwendo kwenye kila pembe, na inatembea mara nyingi bila kutoa plastiki. Hesabu ilikuwa sahihi kwa mashini isiyopinda kona. Sasa ondoeni karatasi iliyofunika muda wa Cura na mlinganishe.

Kisha kibao kinapita mkono kwa mkono, na rula. Urefu utakuwa mm 50 au karibu sana. Kwa tundu, chukua chuma cha kutobolea mbao cha mm 5 na ujaribu kukipitisha. Mara nyingi hakitapita. Uzi laini unapozungushwa unavutwa kuelekea ndani ya duara, na plastiki inasinyaa kidogo ikipoa, basi tundu la mm 5 linatoka pungufu kidogo, hata robo ya milimeta au zaidi. Kundi linaloelewa hili litarudi kwenye daftari na kubadilisha `d = 5` kuwa `d = 5.4`. Hilo ndilo somo lenyewe: kupima, kufanya, kupima tena, na kurekebisha namba, si kulaumu mashini.

Waambieni pia mipaka ya kitu hiki. PLA inaanza kulegea karibu na digrii 60. Kibao kikiachwa ndani ya gari lililofungwa kwenye jua, kitapinda. Tena hatuchapi vijiko wala vikombe: kati ya matabaka kuna mifereji midogo ambamo mabaki ya chakula yanakaa na sabuni haifiki.

Baada ya somo

Siku hiyo kinachapwa kibao kimoja. Vile vingine saba mwalimu anavichapa siku zinazofuata, vikitumia tundu lililorekebishwa, huku wanafunzi wawili wa kila kundi wakija kwa zamu kulinda swichi na kuandika saa. Mwisho wa juma prefe anapokea vibao vinane juu ya funguo nane. Kila kundi lipeleke chake pamoja na ukurasa wa daftari wenye mchoro, hesabu, na tofauti kati ya kile kilichotazamiwa na kile kilichotoka. Mwalimu atoe pointi kwa ukurasa huo, sababu kibao kizuri kinaweza kuwa kazi ya mashini, lakini ukurasa ni kazi ya mwanafunzi.